Klorini ya mkupuo kisimani: kipimo cha dawa na muda wa kungoja

Kutia kisima klorini ya mkupuo ni kumwaga dawa nyingi kwa mara moja, kiasi cha miligramu 50 kwa kila lita, ili kuua vijidudu vilivyomo majini na vilivyoganda ukutani. Maji ya kunywa huhitaji kubaki na takriban miligramu 0.5 tu. Tofauti hiyo kubwa inatokana na uchafu wenyewe: tope, majani na uvujaji wa choo huila klorini kabla haijawafikia vijidudu. Kwa hiyo zoa tope na usugue kuta kwanza, la sivyo unalisha tope dawa ya bure.

Tuseme kisima kiko Kisauni, kipenyo chake mita 1.2, na kamba yenye jiwe inaonyesha maji ya kina cha mita 2.5. Karibu na bahari maji hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa, basi pima saa ileile ya kutia dawa. Nusu kipenyo ni 0.6:

0.6 × 0.6 × 3.14 × 2.5 = mita za ujazo 2.83, yaani lita 2,830.

Zidisha kwa miligramu 50, upate gramu 141 za klorini tupu. Unga wa dukani si klorini tupu. Ukiwa wa asilimia 65, gawa 141 kwa 0.65: gramu 217. Ukitumia dawa ya maji ya kung'arisha nguo, ya asilimia 3.5 na isiyo na manukato, ni lita 4 hivi. Vidonge vya bwawa la kuogelea vyenye kiimarishaji viache hotelini.

Koroga unga ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji, umwage kisimani, kisha teka maji hayohayo uyamwagie kuta. Funika, na asishuke mtu.

Ngoja saa 12 kwa uchache. 24 ni bora. Harufu ya klorini ikiwa imetoweka kabla ya hapo, dawa imeliwa au imetorokea kwenye nyufa za mwamba wa matumbawe, basi safisha tena na urudie. Ikiwa bado ipo, teka umwage mbali na mimea na tangi la choo, mpaka kipimo cha klorini kisome chini ya 0.5.

Hapo maji yanafaa kufulia, si kunywa. Maabara ikipima wakati klorini ingali majini, itakuta maji safi hata kama choo cha jirani kinavuja. Ngoja kama wiki moja, klorini iwe sifuri, ndipo upeleke sampuli ipimwe E. coli, bakteria wa kinyesi. Wakati huo wote chemsha maji ya kunywa. E. coli akirudi, usiongeze dozi: tafuta ufa ukutani, au choo kilicho karibu mno, maana matumbawe hayachuji kitu.