RAW haikuletei mwanga ambao haukuwepo ukumbini

"Kaka, si ulipiga RAW? Basi hiyo bluu unaitoa tu." Maharusi wananiambia hivyo, wanakamati wananiambia hivyo, na sasa hata wapiga picha wenzangu, wakiamini kwamba RAW, yaani faili ghafi la kamera, inafuta rangi yoyote ya taa za ukumbini. Wiki hii mmoja wao, tena mtu anayejua kamera vizuri, kanitumia faili la kukata keki kutoka ukumbi mmoja hapa Dar, akaomba nimvutie Temp, kile kitelezi cha joto la rangi, kidogo kwa sababu kwake imegoma. Nikavuta. Kwenye Lightroom Temp ya faili la RAW inaishia 50000. Nikaifikisha huko, ikagota, na shavu la bi harusi likabaki bluu vilevile, ila sasa mkono wa bwana harusi umekuwa wa chungwa.

Imani yenyewe naielewa ilikotoka. Ukipiga chini ya balbu za njano au kivulini, WB, yaani mizani ya weupe, inarudisha kila kitu mahali pake, na mtu anazoea. Lakini mwanga wa balbu ya njano una rangi zote ndani yake, ni uwiano tu umeelemea upande mmoja. Taa za LED wanazopanga watu wa mapambo kuzunguka ukuta ni jambo jingine. Ndani yake mna vidoa vya nyekundu, kijani na bluu, na fundi wa taa akichagua bluu tupu, nyekundu na kijani vinazimika kabisa. Kinachotoka ni kipande chembamba cha mwanga, kilele chake kwenye nanomita 450 hadi 470 hivi. Hakuna nyekundu iliyojificha mle ndani ikisubiri uivute.

Na WB haifanyi uchawi wowote. Inachukua namba za chaneli nyekundu na bluu, inazizidisha, basi. Tuseme kwenye shavu hilo pikseli ya bluu imekusanya chembe 2500 za mwanga na nyekundu imekusanya 25. Mwanga kwa asili yake hauji sawasawa. Kuyumba kwake ni kama kipeuo cha pili cha idadi, kwa hiyo kwenye 2500 unayumba kwa 50, sehemu moja ya hamsini, na jicho halioni. Kwenye 25 unayumba kwa 5, sehemu moja ya tano. Zidisha nyekundu mara mia ili ilingane na bluu, na kuyumba nako kumezidishwa mara mia. Ni sawa na kuongeza sauti ya redio ambayo haijashika kituo. Hizo ndizo chenga nyekundu na zambarau unazoziona shavuni ukivuta Temp mpaka mwisho, na hakuna kitufe cha kuondoa chenga kitakachozimaliza bila kuugeuza uso kuwa plastiki.

Ila chenga siyo shida kubwa. Hapa ndipo watu wananichosha, kwa sababu wanadhani kamera yenye sensa bora zaidi itamaliza mjadala. Hizo chembe 25 zenyewe hazikuwa nyekundu. Kichujio chekundu kilicho juu ya pikseli kinavujisha bluu kidogo, na kilichorekodiwa ni bluu hiyohiyo iliyopenya. Kwa maneno mengine, chaneli nyekundu ya picha hii ni nakala hafifu ya chaneli ya bluu. Hata ungekuwa na sensa isiyo na chenga kabisa, ukisawazisha chaneli zote unapata uso wa kijivu, kwa sababu zote tatu zinasimulia habari moja. Hakuna rangi ya ngozi iliyorekodiwa. Ukiona rangi ya ngozi kwenye picha iliyotengenezwa namna hiyo, ujue kuna mtu ameipaka.

Kabla hujaanza kuhangaika, pima. Tafuta kwenye mwanga huohuo kitu kinachojulikana rangi yake. Rangi ya mdomo ya bi harusi inatosha. Vuta Temp mpaka mwisho, kisha linganisha mdomo na shavu. Kama vinatofautiana kwa weusi na weupe tu, mwanga ulikuwa wa rangi moja na hapo huna cha kurudisha. Kama mdomo unaonyesha hata wekundu kidogo kuliko shavu, kuna mwanga mwingine umeingia, labda wa taa za darini au wa mtu wa video, na una kitu cha kufanyia kazi. Wengi hawafanyi jaribio hili, wanakwenda moja kwa moja kununua priseti.

Ngozi zetu nazo zina hesabu zake. Melanini inameza bluu nyingi na kurudisha nyekundu zaidi, kwa hiyo chini ya taa ya bluu uso mweusi unarudisha mwanga mdogo sana. Kinachobaki kung'aa ni mng'ao wa juu ya ngozi, kwenye paji la uso, puani na kwenye mfupa wa shavu, na mng'ao huo unabeba rangi ya taa yenyewe. Halafu bluu haipenyi ndani ya ngozi kama nyekundu, kwa hiyo kila kidoa na kila ukingo wa poda unaonekana. Bi harusi kalipa mpambaji vizuri, akifika mbele ya taa ya bluu anaonekana hakulala wiki nzima.

Kamera inaongeza tatizo. Histogramu moja nyeupe inayoonekana nyuma ya kamera inaipa bluu uzito mdogo mno, karibu sehemu moja ya kumi ya mwangaza wote. Inakuambia picha ni giza, nawe unaongeza, kumbe chaneli ya bluu imeshaungua zamani. Washa histogramu ya RGB, zile tatu tofauti. Bluu ikigonga ukuta wa kulia, punguza, hata kama picha inaonekana nyeusi kwenye skrini.

Turudi kwenye faili la jamaa yangu. Bahati yake ni kwamba shavu la kulia la bi harusi lilipigwa na taa nyeupe ya mtu wa video, na la kushoto na taa ya bluu iliyowekwa chini ya jukwaa la keki. Mpaka wa rangi unapita juu ya pua. Mpaka kama huu huwezi kuurekebisha kwa WB moja, kwa hiyo nikaweka WB kwa ajili ya shavu la kulia, karibu 5600, na kuuacha upande wa kushoto uwe bluu utakavyo. Halafu nikapaka brashi upande huo na kushusha Saturation. Ukifika -60 uso unakuwa wa majivu, na kwa ngozi nyeusi majivu ni mabaya kuliko bluu, kwa sababu mtu anaonekana mgonjwa. Nilisimama -40.

Kisha nikalihamishia faili Photoshop na kuangalia chaneli moja moja. Nyekundu ilikuwa chenga tupu. Bluu ilikuwa imeungua kwenye mfupa wa shavu. Kijani ndiyo ilikuwa na umbo la uso, kwa sababu kichujio cha kijani kinapokea mkia wa mwanga wa bluu bila kujaa. Nikainakili kijani, nikaibandika juu kama leya ya Luminosity, nikaizuia kwa maski ibaki kwenye shavu la kushoto tu. Shavu lililokuwa bapa likapata duara lake. Juu yake nikaweka leya nyingine ya Color, nikachukua rangi kutoka shavu lake mwenyewe la kulia, sehemu isiyong'aa, na kuipaka kwa asilimia 35 hivi. Rangi lazima itoke kwa mtu huyohuyo usiku huohuo, siyo kwenye mkusanyiko wako wa rangi za ngozi. Kama hakuna upande msafi, fungua picha ya mapema ya meza kuu uchukue hapo.

Kuna sehemu sikuzigusa kwa makusudi. Weupe wa macho na meno haupakwi. Mng'ao wa paji la uso upande wa kushoto nimeuacha na bluu kidogo, na shela nyuma ya sikio nimeiacha bluu kabisa. Ukiusafisha uso mpaka mwisho huku shela na bega vikibaki bluu, unapata kichwa kilichokatwa kwenye picha nyingine na kubandikwa.

Ni kiasi gani cha bluu kibaki? Hapo sina kanuni. Watu wa video wana mstari wa ngozi kwenye vektaskopu, kile kipimo chao cha rangi, na kweli nyuso nyeusi na nyeupe huangukia karibu na mstari huohuo, kwa hiyo unakusaidia kujua kama umeelekea kijani au zambarau. Haukwambii rangi iwe na nguvu kiasi gani. Naacha faili usiku, nikilifungua asubuhi naona nilizidisha, jioni naona nilipunguza. Na bi harusi mwenyewe alikuwa na poda iliyompandisha weupe kuliko shingo yake, sasa "rangi yake halisi" ni ipi? Mimi nafuata poda, kwa sababu ndiyo aliyoichagua.

Zambarau watu wanaiogopa kuliko bluu, wakati mimi naona ina nafuu. Pale nyekundu na bluu zote zimewaka, kinachokosekana ni kijani. Chaneli nyekundu ya ngozi huwa laini na safi, na kijani unaweza kuikisia katikati ya mbili ulizonazo, maana kwenye ngozi kijani hukaa hapo kawaida. Sogeza Tint kuelekea kijani, shusha zambarau kwenye HSL, na mara nyingi uso unarudi vizuri. Nyekundu tupu ina laana tofauti: uso unakuwa laini hadi unapoteza umbo, na mdomo uliopakwa nyekundu unafifia na kulingana na shavu. Hiyo naigeuza nyeusi na nyeupe bila kuomba radhi.

Dawa yenyewe ni flashi, na jibu hili halimfurahishi mtu aliyekwishapiga. Flashi iliyoelekezwa darini au ukutani, 1/200, f/2.8, ISO 1600, inaupa uso rangi zote na kuacha bluu ibaki nyuma kama pambo. Dari ikiwa imefunikwa vitambaa vya rangi, usiigonge, maana utapata tatizo jipya. Na nenda kwa fundi wa taa kabla wageni hawajaingia, mwombe taa za mbele ziwe nyeupe wakati wa keki, shampeni na hotuba. Wengi wanakubali ukiwahi. Ukimfuata MC ameshashika kipaza sauti, umechelewa.

Picha za kucheza muziki siziondolei rangi, watu walikuwa kwenye disko na wanajua. Nazipunguza tu kabla ya albamu kuchapwa, kwa sababu bluu kali inayong'aa kwenye skrini haipo kwenye wino, na karatasini mara nyingi inageuka zambarau yenye mabaka. Shusha Saturation ya bluu, sogeza Hue yake kidogo kuelekea samawati, chapisha ukurasa mmoja wa majaribio, ndipo upeleke albamu nzima.