Kuchaji kwa baipasi si chaji ya haraka

Kuchaji kwa baipasi ni utaratibu ambao simu iliyochomekwa kwenye chaja huchukua umeme wa kuendeshea kioo, kamera, prosesa na mtandao kutoka kwenye chaja hiyo, huku betri ikiachwa ilivyo, haijazwi wala haitumiki. Maana yake inaishia hapo. Tatizo ni kwamba katika maduka ya simu ya hapa Mwanza neno hilo limeanza kubandikwa kwenye kila simu yenye chaja ya wati nyingi, na wanaoumia ni walimu wa masomo ya jioni na wauza nguo wanaokaa laivu saa tatu au nne bila kupumzika.

Wati 33 au 45 zilizoandikwa kwenye boksi zinaeleza jinsi betri inavyoweza kujazwa upesi, basi. Hazisemi lolote kuhusu simu itakavyohimili kazi ndefu ikiwa kwenye waya. Ni kweli kwamba simu ya kawaida nayo hutumika ikiwa inachaji, na nadhani mkanganyiko umeanzia hapo. Lakini katika simu hiyo umeme unaobaki baada ya matumizi huingizwa kwenye betri, na betri inayojazwa hutoa joto. Joto hilo linajumlishwa na lile la prosesa inayobana video na la kioo kilichowaka muda wote. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imevuka takriban nyuzi joto 45, kwa hiyo simu inapokaribia hapo hujilinda: hupunguza chaji, hufifisha kioo, kisha hupunguza kasi ya prosesa.

Tumchukue dada anayeuza vitenge karibu na Makoroboi, ambaye huingia laivu saa mbili usiku na kutoka saa sita, ndani ya chumba cha bati lililopigwa jua mchana kutwa. Betri yake ya mAh 5000 hubeba takriban wati-saa 19, na tukikadiria kwamba laivu inakula wati 5, betri peke yake haimalizi saa nne. Akianza na asilimia 30 na kuchomeka chaja ya wati 33, betri itapokea umeme mwingi wakati uleule prosesa inapofanya kazi nzito. Baada ya muda asilimia zinaweza kugoma kupanda ingawa waya umechomekwa, na picha ikaanza kukatakata. Wengi hapo hulaumu mtandao. Mtandao ukiwa dhaifu picha huganda au huwa na ukungu, lakini kioo hakififii chenyewe na mgongo wa simu hauchomi. Dalili hizo mbili zikiwapo, chanzo ni joto.

Kwa baipasi, dada huyo angechaji mapema hadi asilimia 80, akawasha baipasi, na angemaliza saa nne betri ikiwa bado palepale au karibu na hapo. Umeme ukikatika katikati, akiba hiyo ingempa takriban saa tatu. Asilimia kutopanda ndiyo kazi yenyewe ya baipasi, kwa hiyo anayerudisha simu dukani akidai kwamba haichaji anarudisha simu isiyo na kasoro. Asiye na baipasi aanze na betri iliyojaa na atumie chaja ya wati 10, ili umeme unaobaki kwa ajili ya betri uwe mdogo.

Maikrofoni nayo inaingia katika hesabu hii, kwa sababu kipokezi cha maikrofoni isiyo na waya mara nyingi huchomekwa kwenye tundu lilelile la chaji. Basi kinahitajika kipokezi chenye tundu lake la kupitishia umeme, au kigawanyio kinachopitisha chaji na sauti kwa pamoja. Kigawanyio cha sauti pekee hakitoshi. Kuhusu kamera ya mbele nitasema machache: megapikseli nyingi hazisaidii laivu ya 720p, ila uwezo wa kufokasi wenyewe unasaidia sana pale kitenge kinaposogezwa karibu ili mteja aone nyuzi.

Simu zenye baipasi zipo, na si zote za bei kubwa. Infinix Note 30 ya mwaka 2023 inayo kwa jina la `Bypass Charging`, na baadhi ya Samsung Galaxy zinayo kwa jina la `Pause USB Power Delivery`, ambayo imewekwa katika sehemu ya michezo na huhitaji chaja ya `USB PD`. Kwa sababu hiyo, muuzaji anapokuambia kwamba simu ina baipasi, mwombe kwa upole aifungue mipangilio hiyo mbele yako, achomeke chaja, awashe programu unayotumia kwa laivu, kisha mtazame pamoja kama asilimia zinasimama. Zikiendelea kupanda, simu hiyo ina chaji ya haraka, ambayo ni kitu kizuri pia, lakini sicho ulichokuja kununua.