Posho ya mtoto: anza na muda, kiasi kifuate

Wazazi wengi wanaoniomba ushauri kuhusu posho ya watoto huanza kwa kuuliza wampe mtoto kiasi gani. Nami huwauliza kwanza mtoto huyo atakaa na fedha hiyo kwa siku ngapi kabla ya kupokea nyingine, kwa sababu ugumu wa kupanga matumizi uko hapo hapo, katika kuifanya fedha ya leo ifike hadi siku ambayo bado haijawadia. Mtoto wa miaka 4 na kijana wa miaka 14 wanatofautiana sana katika idadi ya siku wanazoweza kuziona mbele yao, na posho isiyolingana na upeo huo humshinda mtoto hata kama kiasi chenyewe ni cha kutosha.

Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5 sishauri posho ya kudumu. Katika umri huu "wiki ijayo" na "baadaye" ni karibu kitu kimoja, na hesabu ya sarafu nayo bado haijakaa sawa. Mwanasaikolojia Jean Piaget alikwisha kuonyesha kwamba ukipanga safu mbili zenye vitu sawa kwa idadi, kisha ukaitanua moja, watoto wengi wa umri huu watakuambia kuwa safu ndefu ndiyo yenye vingi. Mtoto anayeona hivyo hawezi kulinganisha bei. Anachoweza kufanya ni kuchagua: anashika sarafu zake, anaonyeshwa vitu viwili, anaambiwa kwamba zinatosha kununua kimoja tu, analipa kwa mkono wake mwenyewe na kuona kuwa sarafu zimeondoka. Tendo hilo huanza na kumalizika siku hiyo hiyo, na hiyo inatosha.

Posho ya kila wiki huanza kufaa mtoto anapofikia miaka 6 au 7, yaani anapozijua siku za wiki kwa majina na kuweza kusema zimebaki siku ngapi. Hapa kuna sharti moja ambalo nalisisitiza kuliko mengine yote: siku ya malipo isibadilike. Wengi wamesikia habari za majaribio ya mwanasaikolojia Walter Mischel pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambapo mtoto aliwekewa kitu kitamu mezani na kuambiwa kwamba akisubiri bila kukila atapewa cha pili. Jaribio linalonisaidia zaidi katika kazi yangu lilifanywa baadaye na Celeste Kidd na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rochester, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2012. Kabla ya kuwekewa kitu kitamu, watoto waliahidiwa vifaa bora zaidi vya kuchorea. Baadhi yao waliletewa vifaa hivyo kama walivyoahidiwa, na wengine waliombwa radhi kwamba havipo. Ulipofika wakati wa kusubiri, watoto waliotimiziwa ahadi walivumilia kwa wastani wa dakika 12 hivi, na walioahidiwa bure walivumilia dakika 3 tu. Mtoto anayekula akiba yake yote siku ya kwanza huenda amefanya hesabu sahihi kabisa kwa jinsi anavyoyajua mambo ya nyumbani kwake, ambako posho huja baba akikumbuka au mama akiwa na chenji.

Kwa hiyo mzazi ambaye kipato chake hakitabiriki namshauri achague kiasi kidogo ambacho ana hakika nacho hata katika wiki mbaya. Kiasi hicho, kikilipwa siku ile ile kila wiki, kitamfundisha mtoto kudunduliza vizuri zaidi kuliko kiasi kikubwa kinachokuja na kukosekana.

Nitaeleza sasa namna mpango wa akiba unavyojengwa katika umri huu, kwa kutumia hesabu ya msichana wa miaka 8 ambaye wazazi wake niliwasaidia. Alikuwa akipokea sarafu 10 kila wiki, akakubali kuweka 5 na kutumia 5 apendavyo. Alitaka mchezo wa mezani uliouzwa kwa sarafu 60. Kwa mwendo huo angehitaji wiki 12, na nikawaambia wazazi wazi kwamba asingefika. Kwa uzoefu wangu, mtoto wa miaka 7 hadi 9 huweza kulishika lengo moja kwa wiki 4 hadi 6, na baada ya hapo lengo hupoteza ladha. Dalili huonekana mapema: anaacha kuzihesabu sarafu zake, anaanza kutaja kitu kingine, kisha anaomba kuzitoa "kidogo tu". Mzazi akiona hivyo huamua kwamba mtoto hana subira, ilhali kilichokosewa ni urefu wa safari aliyopangiwa.

Zilikuwepo njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua lengo la karibu, na mara nyingi ndiyo naipenda kwa lengo la kwanza kabisa la mtoto. Ya pili, ambayo wazazi hawa waliichagua, ni mzazi kuongezea: kwa kila sarafu 5 ambazo mtoto ameweka, naye anaweka 5. Akiba ikawa inakua kwa sarafu 10 kila wiki, na wiki 12 zikawa 6. Fedha ziliwekwa kwenye kopo linaloonyesha ndani, kwa sababu kibubu kilichofunikwa kote huificha akiba machoni pa mtoto, na katika umri huu akiba isiyoonekana husahaulika upesi. Nyongeza ya mzazi iliingia koponi siku ile ile na mbele ya mtoto, haikuachwa ilipwe mwishoni. Kanuni nayo iliandikwa kabla ya kuanza: fedha iliyowekwa ni ya mtoto na anaweza kuitoa wakati wowote, ila akitoa sarafu 5 zake, mzazi naye anazichukua 5 alizoongezea.

Mwishoni mwa wiki ya tatu kopo lilikuwa na sarafu 30. Msichana akaona picha za kubandika na kutaka kuzinunua kwa sarafu 5. Mama yake hakumkataza. Alimwomba tu azipange sarafu zote mezani, atenge 5 za picha, na kando yake atenge 5 ambazo zingerudi kwa mama, kisha ahesabu zilizobaki. Zilikuwa 20, kiasi kile kile alichokuwa nacho wiki moja nyuma. Akafikiri kwa muda, akanunua picha zake, na mchezo akaupata wiki ya saba badala ya sita. Mimi nauhesabu uamuzi huo kuwa mzuri, kwa kuwa aliufanya akiwa ameiona gharama yake yote mezani. Kama mama angemkatalia, mtoto angejifunza kuomba vizuri zaidi. Na kama angempa sarafu 5 nyingine kimyakimya, angejifunza kwamba akiba haipungui ukiitumia.

Swali la kumlipa mtoto kwa kazi za nyumbani huulizwa sana, na jibu langu ni fupi. Kazi ambazo kila mmoja nyumbani anapaswa kuzifanya zisiunganishwe na posho. Mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walionyesha mwaka 1973 kwamba watoto wadogo waliopenda kuchora, walipoahidiwa tuzo kwa kuchora, baadaye walichora kwa hiari kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Pia kuna tatizo la kawaida zaidi: siku ambayo mtoto ana fedha za kumtosha, atakuwa na haki ya kukuambia kwamba leo haihitaji kazi yako. Kazi ya ziada, ambayo ungemlipa mtu mwingine aifanye, inaweza kulipwa kando kwa bei mliyokubaliana.

Kati ya miaka 10 na 12 posho inaweza kutolewa kila baada ya wiki mbili, na hapo ndipo mtoto aanze kubeba matumizi yenye jina, kwa mfano zawadi za marafiki, burudani au vifaa vya michezo. Wazazi hukosea zaidi katika kuchagua matumizi ya kumkabidhi. Kipimo ninachowapa ni hiki: fedha ikiisha mapema, je, mtoto anaweza kukaa bila kitu hicho pasipo kudhurika? Nauli ya kwenda shuleni na chakula cha mchana havipiti kipimo hiki. Hakuna mzazi atakayemwacha mtoto ashinde na njaa, na hapaswi kumwacha. Hivyo atamwokoa, na mtoto ataelewa kwamba mpaka waliouweka haukuwa mpaka. Mpe matumizi ambayo wewe mwenyewe utaweza kutulia yakikosekana.

Kijana wa miaka 13 na kuendelea anaweza kupewa posho ya mwezi. Kiasi kisikisiwe. Mzazi aandike kwa mwezi mmoja kila anachotoa kwa ajili ya kijana, iwe muda wa maongezi, mavazi yasiyo ya lazima au matembezi, kisha jumla hiyo iwe ndiyo posho, na kuanzia hapo mzazi asitoe tena kwa mambo hayo. Ikiwa fedha hutumwa kwa simu, kijana aandike kila matumizi kwenye daftari katika miezi ya mwanzo, kwani salio linaloonekana kwenye simu halimwambii fedha imekwenda wapi.

Mara nyingi fedha ya mwezi wa kwanza huisha kabla ya nusu ya mwezi. Hilo likitokea mara moja, subirini mwezi uishe. Likirudia mwezi wa pili na wa tatu, mzazi asikimbilie kuongeza posho wala kuipunguza. Akate muda: jumla ibaki ile ile lakini itolewe kwa mafungu mawili, kila baada ya wiki mbili, hadi kijana aweze kufika na akiba kidogo mwisho wa fungu kwa mara kadhaa mfululizo, ndipo arudishiwe mwezi mzima. Akiomba kukopa, mkopo uandikwe, ukatwe wote kwenye posho inayofuata, na usizidi nusu ya posho hiyo, kwa sababu deni likizidi hapo kijana ataanza kipindi kipya akiwa amekwisha kushindwa na atakopa tena. Ila mkague pamoja kwanza orodha ya matumizi mliyoiandika tangu awali, kwani wakati mwingine kijana ametumia kwa uangalifu na bei za vitu ndizo zilizopanda; hapo kiasi kinapaswa kuongezwa, na muda ubaki kama ulivyo.