Kipato kimeshuka, rejesho halishuki: dhana potofu kuhusu kuomba benki ipange upya mkopo

Tuchukue familia moja ya mfano. Mume na mke walikuwa wakiingiza 300,000 kwa mwezi, kisha mmoja akapunguziwa saa za kazi na kipato kikashuka hadi 210,000. Wana mkopo wenye salio la 2,400,000, umebaki miezi 24, na riba ni asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi. Rejesho lao la mwezi ni 119,818. Wamebana matumizi mpaka yakafika 125,000 na hapo hayabaniki tena. Kinachobaki ni 85,000, kwa hiyo kila mwezi wana pengo la 34,818. Hesabu zote hapa chini ni za mkopo huu.

Dhana: Ukienda benki kabla hujakosa rejesho, unajichongea.

Wengi husubiri, wakiamini kwamba benki haisikilizi mtu ambaye bado analipa. Ukweli ni kwamba siku za kuchelewa ndizo zinazoubadilisha mkopo wako machoni mwa benki. Chini ya kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 9, inayotumika tangu 2018, mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30 kwa kawaida huchukuliwa kuwa hatari yake imeongezeka sana, na benki hutenga fedha zaidi kwa ajili ya hasara inayoweza kutokea. Ukifika siku 90, kwa kawaida unahesabiwa kuwa mkopo chechefu, yaani usiolipwa ipasavyo. Hapo faili huweza kutoka kwa afisa mikopo anayekujua na kwenda kwa watu wa kukusanya madeni, ambao kazi yao ni nyingine kabisa.

Hata hivyo, kuwahi hakufuti kila kitu. Mkopo uliopangwa upya kwa sababu ya shida unaweza kuandikwa hivyo kwenye taarifa zako za mikopo, na mkopeshaji mwingine akauona. Uliza mapema utaandikwaje. Kwa maoni yangu, kuandikwa hivyo bado ni heri kuliko kuwa na malimbikizo ya miezi mitatu.

Dhana: Barua ikieleza shida kwa kirefu, benki itaona huruma.

Afisa anayekupokea huenda akakuhurumia kweli, lakini mara nyingi si yeye anayeamua. Anaandaa maombi yanayokwenda kwa mkubwa wake au kwa kamati ya mikopo, na watu hao hawakuoni. Wanatafuta majibu ya maswali matatu: nini kimebadilika na kuna ushahidi gani, mteja anaweza kulipa kiasi gani, na deni litaisha lini. Kurasa tatu za simulizi zisizo na majibu hayo zinamwachia afisa kazi ya kubahatisha. Barua ya familia yetu inaweza kuwa fupi hivi:

"Kuanzia mwezi huu kipato cha kaya yetu kimeshuka kutoka 300,000 hadi 210,000 kwa sababu ya kupunguziwa saa za kazi, barua ya mwajiri na taarifa za akaunti za miezi sita zimeambatishwa. Matumizi ya lazima ni 125,000, kama yalivyoorodheshwa. Hatuna malimbikizo. Tunaomba muda uliobaki uongezwe kutoka miezi 24 hadi 42 kwa riba ileile, ili rejesho liwe takriban 77,434, kuanzia tarehe ya rejesho lijalo. Kipato kikirudi, tunaomba kuruhusiwa kulipa zaidi bila ada ya kulipa mapema. Tunaomba jibu kwa maandishi."

Sababu imechukua sentensi moja, nayo inatosha, kwa sababu ushahidi umeambatishwa.

Dhana: Omba rejesho dogo kabisa, benki yenyewe itapandisha.

Mazoea ya kupatana bei sokoni hayasaidii hapa, kwa kuwa rejesho lina sakafu yake. Riba ya mwezi wa kwanza kwenye salio la 2,400,000 ni 36,000. Ukiomba kulipa 36,000, deni halipungui hata kidogo. Ukiomba chini ya hapo, linakua. Ukiomba 60,000, utalipa kwa zaidi ya miaka mitano, na riba peke yake itapita nusu ya deni lenyewe. Anayepitia maombi huliona hilo mara moja.

Kosa la upande wa pili halisemwi sana, nalo ni kuahidi kiasi kikubwa mno kwa aibu. Miezi 36 ingeleta rejesho la 86,766. Linaonekana karibu na 85,000, lakini limeshazidi. Miezi 42 inaleta 77,434 na kubakiza takriban 7,500 za dharura, kama mtoto akiugua au kifaa kikiharibika. Ukishindwa kulipa rejesho jipya mwezi wa tatu, ombi la pili huwa gumu kuliko la kwanza, maana sasa takwimu zako zenyewe zimeonekana si za kuaminika. Kujaribu muda mbalimbali si kazi. Kwenye jedwali la kompyuta andika:

```
=PMT(1.5%,42,-2400000)
```

Kisha badilisha 42. Fomula hii haifai kwa mkopo ambao riba yake hukokotolewa kwenye kiasi cha mwanzo bila kupungua. Kwa mkopo wa namna hiyo, mwombe afisa akupe hesabu yake.

Unafuu huu una bei, nayo inafaa uijue kabla ya kutia sahihi. Kwa ratiba ya zamani riba iliyobaki ni takriban 476,000. Kwa miezi 42 inakuwa takriban 852,000. Ndiyo maana kile kipengele cha kulipa zaidi bila ada kina uzito kwenye barua.

Dhana: Ukipewa miezi mitatu ya kupumzika, riba nayo inapumzika.

Kwa kawaida riba inaendelea na kuongezwa kwenye deni. Baada ya miezi mitatu bila kulipa, salio la familia yetu litafika takriban 2,509,600. Likigawanywa tena kwa miezi 24, rejesho linapanda hadi karibu 125,300. Mapumziko yanamfaa mtu ambaye kipato chake kitarudi kwa tarehe inayojulikana, kwa mfano aliye kwenye likizo isiyo na malipo. Kwa aliyepunguziwa saa bila kujua mpaka lini, yanaahirisha pengo na kulipanua.

Dhana: Afisa akisema "tumekubaliana", unaanza kulipa kiasi kipya.

Mpaka nyongeza ya mkataba itiwe sahihi, ratiba ya zamani ndiyo inayotawala. Ukilipa 77,434 kabla ya hapo, mfumo utaandika kwamba umelipa pungufu kwa 42,384, na siku za kuchelewa zinaanza kuhesabiwa. Kama unakatwa moja kwa moja kwenye akaunti au mshahara, hakikisha agizo la makato nalo limebadilishwa. Wadhamini huenda wakahitajika kusaini upya, na bima ya mkopo ikaongezwa muda. Usishangae hayo yakichukua wiki kadhaa.

Ukipewa ratiba mpya, angalia mstari wake wa kwanza. Kwa familia yetu unapaswa kuonyesha salio la 2,400,000, riba 36,000 na deni lililopunguzwa takriban 41,434. Salio likianza juu ya hapo, kuna ada, adhabu au riba iliyoongezwa ndani ya deni. Omba mchanganuo wake kwa maandishi kabla ya kusaini.