Mfumuko wa Bei wa Nyumbani Kwako: Jinsi ya Kuukokotoa kwa Risiti Zako

Kila mwezi takwimu za mfumuko wa bei zinapotoka, simu ofisini kwetu hapa Dodoma hazitulii. Wastani wa mwaka 2023 ulikuwa asilimia 3.8, na wa 2024 asilimia 3.1. Wengi wanauliza: mbona sisi hatujaona bei kushuka? Tumeshaeleza mara nyingi na tunaeleza tena: mfumuko ukishuka, bei bado zinapanda, ila kwa kasi ndogo zaidi.

Swali la pili, kwamba mbona takwimu hizo hazifanani na matumizi ya nyumbani kwangu, lina haki yake. Kapu la taifa limepimwa kwa matumizi ya kaya za nchi nzima, na chakula na vinywaji visivyo na kilevi vinachukua asilimia 28.2 tu. Kwako huenda ni zaidi ya nusu. Ndiyo maana unaweza kukokotoa mfumuko wako mwenyewe.

Mama mmoja wa Nkuhungu alituletea mfuko wa risiti na daftari, akisema maisha yamempanda kwa asilimia 33. Hesabu yake ya kujumlisha ilikuwa sahihi. Mwaka 2023 alitumia wastani wa shilingi 525,000 kwa mwezi: kodi ya nyumba 150,000, chakula 300,000 na nauli 75,000. Mwaka 2024 akatumia 698,000.

Tukafungua daftari. Kumbe Februari alikuja mpwa wake kutoka Kondoa, sufuria ikaongezeka. Mumewe naye alihamishiwa kazi Mtumba, na akichelewa anapanda bodaboda. Hayo ni matumizi yaliyoongezeka. Mfumuko wa bei unauliza jambo moja tu: kapu lile lile la 2023, kwa kiasi kile kile, lingegharimu kiasi gani kwa bei za 2024?

Kwa hiyo unachukua kiasi cha mwaka wa kwanza na kukizidisha kwa bei ya mwaka wa pili, kitu kimoja baada ya kingine. Sembe alinunua kilo 30 kwa mwezi. Kilo ilikuwa 1,800, ikashuka hadi 1,500, hivyo 54,000 ikawa 45,000. (Ndiyo, bei hushuka pia, ingawa hakuna aliyewahi kutupigia simu kutuambia hivyo.) Sukari na vitu vingine vilipanda, na chakula chote kikafika 306,000. Safari 150 za daladala zilipanda kutoka 500 hadi 600, nauli ikawa 90,000. Mwenye nyumba alipandisha kodi hadi 180,000. Jumla ni 576,000.

```
576,000 ÷ 525,000 × 100 − 100 = 9.7
```

Mfumuko wa kaya hii kwa vitu hivyo vitatu ni asilimia 9.7. Si 33, lakini pia si 3.1. Katika nyongeza ya shilingi 51,000, kodi ya nyumba peke yake imechukua 30,000. Jirani yake anayekula na kusafiri vile vile, ila anaishi kwenye nyumba yake, angepata asilimia 5.6. Wote wawili wananunua soko moja la Majengo.

Sasa risiti. Risiti halali ya mashine ya kielektroniki ina TIN ya muuzaji, namba ya risiti, tarehe, muda na namba ya uhakiki. Muuzaji asiyeitoa anavunja sheria, na mnunuzi asiyeidai naye anaweza kutozwa faini. Hilo halina mjadala. Karatasi yake lakini hufutika kwa joto, na risiti za yule mama za Januari 2023 zilikuwa nyeupe kabisa. Piga picha siku hiyo hiyo.

Sokoni na kwenye daladala, andika kwenye daftari: tarehe, kitu, kiasi, bei. Kiasi ndicho watu husahau. "Nyanya 2,000" haitusaidii kitu, maana fungu linaweza kubaki 2,000 huku likipungua kutoka nyanya nane hadi tano. Hapo bei imepanda. Ukinunua kwa sado, pima mara moja kwenye mizani ujue ni kilo ngapi, na angalia kama muuzaji anajaza kwa kilemba au anasawazisha.

Kodi ya nyumba uliyolipa ya miezi sita igawe kwa sita. Usiihesabu yote kwenye mwezi uliolipa.

Usilinganishe pia Februari na Julai. Februari mahindi bado yako shambani na ghala zimepungua. Julai watu wamevuna. Linganisha Februari na Februari, au wastani wa mwaka mzima kama tulivyofanya hapa. Ukikosa daftari la miezi miwili mitatu, iache miezi hiyo kwa miaka yote miwili. Usiijaze kwa kukumbuka, kwa sababu bei ya zamani tunayoikumbuka huwa rahisi kuliko ile iliyoandikwa kwenye risiti.