Jina la kimahaba kwa mtu ambaye ndo mnaanza: tunayodanganyana na ukweli wake

Naandika hii kwa sababu nimeona mahusiano kadhaa machanga yakipoa kwa kitu watu wanachokiona kidogo, yani jina. Siongelei wachumba wala wanandoa, hao wana majina yao na wameshayazoea. Naongelea zile wiki za mwanzo, mmeshabadilishana namba, mnachati kila siku, mmeonana mara mbili tatu, kila mmoja anahisi kuna kitu ila hakuna aliyekitamka. Hapo ndo mtu anaanza kuwaza sasa huyu nimwiteje.

Wanasema: ukimwita mpenzi mapema, mtazoeana mapema

Hii ndo inaharibu wengi. Mmechati wiki moja, asubuhi mwenzio anafungua simu anakuta "umeamkaje mpenzi wangu", na yeye bado hajajua hata kama anapenda kukaa na wewe. Ukweli ni kwamba jina huwa linafuata ukaribu, haliwezi kuuleta. Ukimwita hivyo umemwambia kuna jambo tayari lipo kati yenu na yeye anatakiwa aitike hapo hapo, akiitika amekubali kitu ambacho hajaulizwa, akikaa kimya anaonekana ana roho ngumu. Wengi wanachagua njia ya katikati, wanajibu "poa, wewe je" halafu wanaanza kujivuta taratibu, na wewe unabaki unajiuliza umekosea wapi wakati jana mlikuwa mnacheka.

Halafu angalia kitu kimoja cha lugha yetu, mzigo mkubwa haupo kwenye neno mpenzi, upo kwenye hilo "wangu". Kuna watu wanaita kila mtu dia, kila mtu mpendwa, na hakuna anayeshtuka. Ongeza "wangu" uone, hapo hapo neno limekuwa la kumiliki. Kwa hiyo kama unaona mdomo unakuwasha na bado ni mapema, acha kabisa hiyo wangu, itakuja siku yake.

Wanasema: bebi, hani, switi, mpenzi, laazizi, yote ni sawa tu

Sio sawa. Bebi na hani zinatoka mdomoni kirahisi kwa sababu kwa wengi wetu ni maneno tuliyoyaokota ukubwani, hayajashika mizizi. Kuna mtafiti wa lugha anaitwa Jean-Marc Dewaele, mwaka 2008 alichapisha utafiti kuhusu watu wanaoongea lugha zaidi ya moja, aliwauliza neno la "nakupenda" lina uzito zaidi kwenye lugha ipi, na kundi kubwa kuliko mengine lilisema ni ile lugha ya kwanza waliyokulia, ingawa wapo waliosema ni sawa kote na wapo waliosema ni lugha ya baadaye. Alikuwa anauliza kuhusu nakupenda, sio majina, ila ukijisikiliza mwenyewe utaona jambo linafanana. Mtu anaweza kuitwa bebi mara kumi asihisi chochote, siku akiitwa laazizi kwa sauti ya chini akanyamaza kidogo.

Sasa wepesi huo una faida na una hasara. Faida ni kwamba bebi ikikataliwa haiumizi sana. Hasara ni kwamba haimtofautishi mtu na yeyote, na kama umewahi kuwa na mwingine ulikuwa unamwita hivyo hivyo, mwenzio anajua hilo bila kuambiwa. Jina ulilomwita mtu wa zamani usilihamishe hata kama unalipenda vipi, siku likijulikana (na huwa linajulikana, meseji za zamani zipo) hautakuwa na maelezo.

Wanasema: jina zuri ni lile la sifa, malkia, malaika, ua

Hapa nikae kidogo maana ndo penye utamu wenyewe. Jina la sifa linaweza kupewa mtu yeyote, unaweza kulitunga hata hujamjua. Jina linaloshika ni lile lililotokana na kitu kilichowapata nyinyi wawili, ambacho mtu wa tatu akilisikia haelewi.

Nina rafiki yangu, siku ya tano ya kuchati alimwandikia dada mmoja "mpenzi wangu", akajibiwa "haya". Mwanzoni yule dada alikuwa anajibu ndani ya dakika chache, kuanzia siku ile anajibu jioni, na kwenye meseji iliyofuata akamwita rafiki yangu kwa jina lake kamili, kitu ambacho hajawahi kufanya. Nikamwambia acha hayo majina yote, mwite jina lake kama kawaida, wala usiombe msamaha kwa meseji ndefu, kubadilika kwako kutaonekana. Akatulia. Baada ya kama wiki mbili stori zikarudi vizuri wakapanga kuonana, na siku hiyo yule dada ndo alikuwa anaongoza njia, anasema kwa uhakika kabisa pita kushoto, sasa kulia, mimi huku napajua, kumbe hapajui, wakatembea karibu saa nzima wakatokea pale pale walipoanzia. Dada mwenyewe ndo alicheka wa kwanza, akacheka mpaka akashika ukuta.

Usiku ule rafiki yangu akataka kumwita jina kwenye meseji hapo hapo, nikamzuia. Ukilitoa siku ile ile linakuwa utani wa siku ile, linaisha nayo. Akasubiri siku tatu. Walikuwa wanaongea kwenye simu, wanapanga kuonana tena, akamuuliza "tukutane wapi sasa, Ramani?" Basi, mara moja tu, mwisho wa sentensi, bila kusema "nimekutungia jina". Upande wa pili kimya kifupi, halafu kicheko, halafu dada akasema "we abiria unauliza uliza nini, wewe fuata". Unaona kilichotokea hapo, amelipokea jina na amerudisha jina lake. Tangu siku ile wakawa Ramani na Abiria, na hakuna aliyelazimika kutamka neno mpenzi kabla ya wakati.

Kwa nini lilikubalika wakati lile la kwanza lilikataa? Lilitoka kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe alishalicheka, na halikumdai kitu, angeweza kulipita tu mazungumzo yakaendelea. Na lilikaa mwisho wa sentensi yenye shughuli nyingine, hiyo inasaidia sana, tofauti na jina linaloanza meseji likasimama peke yake kama tangazo.

Mambo haya yana utafiti pia. Mwaka 1993 Carol Bruess na Judy Pearson walichapisha kazi yao kuhusu wanandoa na maneno yao ya ndani, majina ya utani yakiwemo, wakaona walioridhika na ndoa zao walitaja maneno ya aina hiyo kwa wingi zaidi. Ila tusiisome vibaya, hiyo haimaanishi kwamba ukirundika majina ndo penzi litakaa, inawezekana kabisa watu wenye raha pamoja ndo wanaozaa majina.

Wanasema: asipokataa, ujue amelipenda

Hapana jamani. Watu wachache sana watakwambia usoni usiniite hivyo, hasa mwanzoni wakati kila mtu anajitahidi kuwa mpole. Kutokataa kunaweza kuwa adabu tu. Angalia vitu hivi: je, amelitumia yeye mwenyewe hata mara moja? Mtu aliyelipenda jina utamkuta analisema bila kuombwa, anaandika "Ramani kafika salama". Je, amekupa lako? Hiyo ndo dalili nzuri kuliko zote. Kama umeita mara tatu kwa siku tofauti na kila mara analiruka kama halijasemwa, au anajibu kifupi kuliko kawaida yake, jina halijakaa, liache lipotee lenyewe. Kama unashindwa kumsoma, muulize kwa wepesi, "nikuite hivyo au niache?" na akisema uache, acha siku hiyo hiyo, usimwambie utazoea.

Pia kama unaona kwenye maandishi haieleweki, mara ya kwanza litoe kwa sauti, iwe kwenye simu au mkiwa pamoja. Meseji haina toni, jina la utani lililoandikwa bila sauti linaweza kusomeka kama kejeli. Na likishakubalika usiligeuze kuwa koma ya kila sentensi, likitokea mara moja mbili kwenye mazungumzo linatosha, na kwenye jambo zito, ugonjwa, msiba, ugomvi, rudi kwenye jina lake halisi. Mtu akiwa na machozi hataki kuitwa Ramani.

Wanasema: ni utani tu, kwa hiyo kibonge, kifupi, kipara hakuna shida

Shida ipo. Kile ki- cha mbele kwenye Kiswahili kinaweza kubembeleza kama kwenye kipenzi, na hicho hicho kinaweza kudharau, kinategemea kimeshikamana na nini. Robert Hopper na wenzake walipochambua maneno ya ndani ya wapenzi mwaka 1981 waliweka majina ya mwenzi kundi moja na matusi ya utani kundi lingine kabisa, na mimi naona walipatia. Mtu anaweza kujiita kibonge mwenyewe akicheka, haimaanishi amekupa ruhusa. Mwili wa mtu, ngozi yake, kigugumizi, kitu alichokuhadithia usiku kwa uchungu, hivyo usivitungie jina, hata kama wenzake wote wanamwita hivyo. Na lile jina la nyumbani analoitwa na mama yake nalo usiliokote tu kwa sababu umelisikia, subiri akupe.

Wanasema: likishakubalika, liite popote

Kuna jina la wawili na kuna jina la mbele za watu, na kukubali la kwanza sio kukubali la pili. Yule rafiki yangu alilijua hili kwa bahati mbaya, alimwita "Ramani" kwa sauti mbele ya watu anaofanya nao kazi yule dada, wakaanza kuuliza ramani ya wapi, mmoja akaanza kumwita hivyo na yeye. Dada hakukasirika sana ila jioni alimwambia, "lile lilikuwa letu." Ikabidi mbele za watu arudi kwenye jina lake la kawaida, na ikachukua kama wiki mbili hivi kabla dada hajaandika tena, saa nne usiku, "Abiria umelala?"