Jina la Ukoo Likitangulia: Namna ya Kumwandikia Mshirika wa Ng'ambo

Dawati letu la nyaraka hapa Mombasa linazidi kupokea malalamiko kutoka kwa mawakala wa forodha na wenye hoteli: malipo yamerudishwa na benki, ombi la kibali cha mgeni limekwama, mteja wa Asia ameacha kujibu barua pepe. Mara nyingi chanzo ni kimoja. Mtu amelipindua jina la mwenzake kwa nia njema, akidhani analinyoosha.

Tunaomba dhana moja iachwe kabisa, nayo ni kwamba Wachina, Wajapani, Wakorea na Wahungari "huandika majina kinyume". Hawaandiki kinyume. Katika lugha zao, kinachofafanua hutangulia kinachofafanuliwa, na ukoo ndio unaomfafanua mtu. Anwani ya Kichina nayo huanza na mkoa, ukaja mji, ukaja mtaa, na jina la mpokeaji likawa la mwisho. Sisi twasema jahazi la Ali, mtoto wa Bakari. Anayetajwa hutangulia, kisha twaeleza ni wa nani, ndiyo maana Salim bin Bakari husikika sawa masikioni mwetu.

Ugumu ni kwamba wenyewe hawafuati mtindo mmoja wanapoandika kwa herufi za Kirumi. Wachina na Wakorea kwa kawaida huacha jina lilivyo: Rais Xi Jinping ni Bw. Xi, na Ban Ki-moon aliyeongoza Umoja wa Mataifa ni Bw. Ban. Wahungari hugeuza wanapomwandikia mgeni, na mwanasoka ambaye kwao ni Puskás Ferenc dunia ikamjua kama Ferenc Puskás. Wajapani waligeuza tangu enzi ya mfalme wao Meiji, karne ya 19, hadi serikali yao ilipoamua kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2020 nyaraka zake rasmi zitatanguliza ukoo. Kampuni nyingi za huko hazikufuata. Basi barua pepe ya Kijapani yaweza kuja na mpangilio wowote kati ya hiyo miwili, na nafasi ya jina peke yake haikuambii lolote.

Chukua jina la Kono Taro, aliyelipigania jambo hilo mwaka 2019 akiwa waziri wa mambo ya nje wa Japani. Ukipata barua kutoka kwa "Taro Kono", tazama kwanza sahihi iliyo chini. Ikiwa imeandikwa KONO Taro, herufi kubwa zimekujibu: hilo ndilo jina la ukoo, na salamu yako ni "Dear Mr. Kono". Kama hakuna herufi kubwa, tafuta kistari. Kwa Wakorea, sehemu yenye kistari, kama Ki-moon, ni jina la mtu mwenyewe. Kwa Wachina ukoo mara nyingi ni silabi moja na jina la mtu mbili, lakini kwa jina kama Yao Ming kanuni hiyo haisaidii. Hapo andika jina zima kwenye salamu na umuulize. Kuuliza si utovu wa adabu.

Mvietnam ana utaratibu wake. Ukoo hutangulia, lakini heshima huambatanishwa na jina la mwisho. Võ Nguyên Giáp ni wa ukoo wa Võ, na dunia nzima ilimwita Jenerali Giáp.

Jambo likifika kwenye malipo, tiketi au kibali cha kuingia Kenya, acha kukisia na uombe nakala ya ukurasa wa pasipoti. Mistari miwili ya chini husomwa na mashine, na kwa nchi zote ukoo hutangulia:

```
P<JPNKONO<<TARO<<<<<<<<
```

Baada ya msimbo wa nchi ni ukoo, alama mbili `<<` hutenganisha, kisha jina la mtu. Hapa tumeufupisha mstari. Nakili hivyo hivyo, kila jina kwenye kisanduku chake. Visanduku vikibadilishana, mgeni anaweza kuzuiwa kupanda ndege na ombi likabidi lianze upya, pamoja na ada yake. Benki nayo inaweza kurudisha fedha baada ya kukata gharama za njiani. Masharti ya kila taasisi ni yake, kwa hiyo thibitisha nao kabla ya kutuma.

Kwenye mstari wa mpokeaji wa barua pepe, ukitumia mkato baada ya ukoo, zungushia jina alama za nukuu. Bila hizo programu huenda ikaona wapokeaji wawili:

```
To: "Kono, Taro" <taro@example.jp>
```

Nasi pia tujieleze. Ali Salim Bakari wa Kisauni hana jina la ukoo kwa maana ya Kijapani. Ana jina lake, la baba na la babu. Mshirika wa Osaka hawezi kulijua hilo. Kwenye sahihi yako andika kwa herufi kubwa lile ambalo pasipoti yako imelitaja kuwa la ukoo, mathalani Ali Salim BAKARI, na uliache hivyo katika kila barua.